Lita 20 Zisigeuke 40: Sababu Tunakataa Kuongeza Hesabu, na Njia ya Kusahihisha Fishi

Wengi kati yenu mumeshika pesa za watu wengine: avansi ya safari ya injili, pesa ya kamati ya mamake, pesa ya chama cha vijana, au avansi ya kazi kwenye shirika. Siku moja unarudi, unaketi mezani na risiti zako, unajumlisha, na hesabu haipatani. Hapo ndipo jaribu linaanza, na mara nyingi halianzi kwa mtu mwenye roho ya wizi. Linaanza kwa mtu aliyechoka ambaye amekwisha kutumia pesa kwa uaminifu.

Tuchukue jambo moja tulilolishugulikia sisi wenyewe katika kamati ya hesabu. Jina la ndugu tutaliacha, naye amekubali tulieleze.

Ndugu wanne walitoka Lubumbashi kwenda Likasi kwa semina ya siku tatu. Kiongozi wao alipewa avansi ya dola 200. Akazibadilisha zote mjini, mbadilisha pesa akampa franka 2 800 kwa dola moja, kwa hiyo akawa na franka 560 000. Aliporudi alikuwa na fakture na kwitansi nne. Tiketi za basi, watu wanne kwenda na kurudi kwa 15 000 kila tiketi: 120 000. Vyumba viwili kwa siku mbili: 160 000. Chakula: 90 000. Esansi ya jenereta, lita 20 kwa 3 500: 70 000. Jumla ya karatasi hizo ni 440 000. Mfukoni alibaki na 50 000, ambazo alizileta zote. Sasa hesabu: 440 000 na 50 000 ni 490 000. Franka 70 000 ziko wapi?

Hazikuibiwa. Alilipa 48 000 kwa mama mmoja wa kata aliyekodisha viti, na 22 000 kwa motari na vijana wa pusipusi waliobeba spika toka kituo cha basi hadi uwanjani na kuzirudisha. Mama wa viti hana kitabu cha fakture. Motari hana muhuri. Nani anamwomba kijana wa pusipusi kwitansi?

Basi ndugu yetu akaona mlango. Pesa isiyo na karatasi ni 70 000, na esansi nayo ni 70 000. Fakture ya esansi iliandikwa kwa mkono. Akaenda kwa kijana wa kanisa anayefanya kazi kwenye sekretaria ya umma, kule wanakopiga fotokopi na kuandika barua, akamwambia: "Mdogo wangu, hii 20 iweke 40, na hii 70 000 iwe 140 000. Piga skani, geuza, toa karatasi nyingine. Pesa nimetumia kweli, Mungu anajua."

Kijana akajibu kwa heshima: "Yaya, nambari hii siwezi kuigeuza. Lakini kama ulilipa viti, naweza kukuandikia karatasi ya viti. Twende tukaulize Papa Mchungaji inaandikwa namna gani." Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya kijana huyo. Wengi wanafikiri kwamba kukataa ni kufunga mlango usoni mwa mkubwa. Yeye alikataa jambo moja na papo hapo akatoa jingine.

Ndugu alipofika kwetu alikuwa na hasira kidogo. Akauliza swali ambalo tumelisikia mara nyingi: "Kama jumla ni ya kweli, uongo uko wapi?" Ni swali zuri, na halijibiwi kwa kumkemea mtu.

Fishi ya hesabu haisemi jumla peke yake. Kila mstari ni ushuhuda: siku fulani, mtu fulani alipokea kiasi fulani kwa kitu fulani. Mstari wa lita 40 unasema kwamba muuza esansi alipokea franka 140 000. Hakupokea. Unamwekea mtu mwingine maneno mdomoni, juu ya karatasi yake, chini ya muhuri wake. Tena mama wa viti anafutika kabisa katika vitabu, kama vile hakutusaidia. Jumla ni ya kweli, lakini mistari miwili ni ya uongo, mmoja kwa kusema na mwingine kwa kunyamaza.

Halafu tazameni matunda yake. Mwaka unaofuata, kamati inaketi kupanga safari nyingine. Inafungua fishi ya Likasi na kuona: esansi lita 40, viti hakuna, usafiri wa spika hakuna. Inapanga hivyo. Kiongozi mpya anafika na pesa nyingi ya esansi isiyohitajika, na hana hata franka moja ya viti. Naye atafanya nini? Atakwenda kutafuta fakture ya kugeuza. Ndivyo tunavyoweza kujenga kanisa ambamo kila kiongozi analazimishwa kusema uongo kwa sababu wa kwanza alitaka kumaliza hesabu haraka. Kwa maoni yetu hasara hii ni kubwa kuliko zile 70 000.

Na msidhani kwamba haionekani. Mtunza hazina wetu aliposikia lita 40 alicheka. Jenereta yetu ni ndogo, inakunywa kama lita moja na nusu kwa saa. Semina ilikuwa ya siku tatu, saa nne au tano kwa siku, yaani saa 13 hivi. Hiyo ni lita 20, si zaidi. Wakaguzi wa mashirika wanafanya vilevile: hawaanzi kwa kutazama wino, wanaanza kwa kuuliza kama kitu chenyewe kinawezekana. Kisha wanampigia simu muuzaji. Fakture nyingi zina nakala ya kaboni ambayo inabaki katika kitabu cha muuzaji, na nakala hiyo huwezi kuigeuza. Wanatazama pia kama bei ya kitu kimoja mara hesabu inaleta jumla, kwa maana wanaobadilisha jumla husahau mara nyingi kubadilisha kiasi, au maneno yaliyoandikwa chini kwa herufi. Wanatazama kama namba za fakture zinafuatana zikiwa na tarehe zinazorudi nyuma. Fakture tupu zenye muhuri, zile ambazo muuzaji anakupa ili ujaze mwenyewe nyumbani, zinajulikana kwa sababu mwandiko wa "muuzaji" ni uleule kwenye maduka matatu.

Kuna upande wa serikali pia, nasi hatupendi kuwatisha watu, lakini ni haki mujue. Kanuni ya Adhabu ya inchi yetu, katika kifungu cha 124, inaadhibu kugushi maandishi kwa nia ya kudanganya au kuleta hasara: kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5, au faini, au vyote viwili. Kifungu cha 126 kinasema kwamba mwenye kutumia hati ya uongo kwa nia hiyo anaadhibiwa kama yule aliyeitengeneza. Tazameni vizuri: kijana wa sekretaria anayegeuza nambari na ndugu anayepeleka karatasi kazini wako pamoja. Kijana hawezi kujitetea kwamba alilipwa franka 2 000 ya fotokopi tu.

Wengine wanatuletea Luka sura ya 16, yule wakili aliyewaita wadeni wa bwana wake akawaambia waandike upya hati zao, vipimo 100 vya mafuta viwe 50, vipimo 100 vya ngano viwe 80. Wanasema: si alisifiwa? Alisifiwa kwa akili yake ya kujitayarishia kesho. Lakini Yesu mwenyewe anamwita wakili asiye haki, na mtu huyo alikuwa amekwisha kupoteza kazi. Anayetaka mfano wa hesabu ya safari asome Ezra sura ya 8. Ezra aliwapimia makuhani fedha na dhahabu kabla ya kuondoka, na walipofika Yerusalemu vitu vilipimwa tena, vikahesabiwa, na uzani wote ukaandikwa. Njia ilikuwa ndefu na yenye hatari, na bado hakuna aliyesema kwamba kupima mara ya pili ni kumdharau mtumishi wa Mungu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tulifanya nini na zile 70 000?

Jambo la kwanza: fakture ya esansi ilibaki kama ilivyo, lita 20, franka 70 000. Karatasi ya muuzaji ni mali ya ushuhuda wake. Hata ikiwa na kosa la kweli, wewe uliyeipokea huna ruhusa ya kuisahihisha. Ukikuta muuzaji ameandika 7 000 mahali pa 70 000, rudi kwake. Yeye ndiye atafuta kwa mstari mmoja, ataandika kiasi cha kweli, ataweka sahihi na muhuri pembeni, au afadhali atakupa fakture mpya na kuandika juu yake kwamba inachukua nafasi ya ile ya kwanza, kwa namba yake. Ile ya kwanza usiitupe. Ishikanishe nyuma ya mpya. Kama muuzaji yuko mbali sana, andika maelezo yako kwenye karatasi nyingine ya pembeni, wala usiguse fakture.

Jambo la pili: kwa ajili ya viti na usafiri wa spika tuliandika hati ya matumizi yasiyo na risiti. Ni karatasi ya kawaida, hata iliyochanwa katika daftari inafaa. Tuliandika tarehe ya malipo, mahali, kitu kilicholipwa, kiasi kwa nambari na kwa maneno, jina la aliyepokea na namba yake ya simu, sababu ya kukosa risiti, sahihi ya aliyelipa, na sahihi ya shahidi aliyeona. Mstari wa viti ulikuwa hivi: viti 80 kwa siku tatu, franka 200 kwa kiti kwa siku, jumla 48 000. Mukiona, hesabu inajieleza yenyewe: 80 mara 3 mara 200. Ndugu alimpigia mama wa viti simu, na mchungaji wa kule Likasi akapitia kwake. Mama hajui kuandika, akatia kidole cha wino, na mchungaji akasaini kama shahidi. Karatasi ilirudi na basi kwa siku mbili.

Kwa motari ilikuwa vigumu zaidi. Wa kwanza alipatikana kwa simu, wa pili hakupatikana, na vijana wa pusipusi hakuna aliyejua majina yao. Tulimwambia ndugu asitunge jina. Andika "vijana wawili wa pusipusi wa kituo cha basi, majina hayakuchukuliwa". Andika safari zilikuwa ngapi, toka wapi hadi wapi, na kila moja ililipwa kiasi gani. Wenzake watatu waliosafiri naye waliweka sahihi. Ni ushuhuda dhaifu kuliko kwitansi, tunakubali. Kwa hiyo kamati ina uhuru wa kuukubali au kuukataa, na inapaswa kuwa na mpaka. Sisi tunakubali matumizi madogo ya namna hiyo kama usafiri, kubeba mizigo, na chakula cha sokoni. Hatukubali kitu cha duka ambacho risiti yake ingepatikana. Wale mnaofanya kazi kwenye mashirika, ulizeni kabla ya safari mpaka wa kwenu ni upi. Mashirika mengine yana fishi yake tayari, mengine hayakubali kabisa bila risiti.

Na hapa tuseme neno ambalo si tamu: inawezekana ukafanya yote haya kwa uaminifu, na wakakataa kukulipa. Utapoteza pesa yako uliyotumia kweli. Inauma, hasa kwa mwenye watoto wa kulipia masomo. Hatuna dawa ya kuondoa uchungu huo, isipokuwa kwamba safari ijayo ubebe kitabu kidogo cha kwitansi cha kununua sokoni, umwombe kila mtu aweke sahihi wakati ule ule unapomkabidhi pesa. Mama wa viti angetia kidole siku ya kwanza, bila basi na bila simu.

Jambo la tatu lilikuwa fishi yenyewe. Ndugu alikuwa amekwisha kuandika kwa biki: esansi 140 000. Alitaka kupaka korekta nyeupe. Tukamkataza. Korekta nyeupe inaficha, na kila kinachofichwa katika hesabu kinaleta maswali hata kama chini yake hakuna kitu. Kama fishi haijapelekwa, una njia mbili. Ukiweza, andika fishi mpya safi. Kama huna nyingine, piga mstari mmoja juu ya nambari yenye kosa ili bado isomeke, andika ya kweli juu yake au pembeni, weka tarehe na sahihi fupi hapo hapo. Usigeuze 1 iwe 4 kwa kuikaza na biki. Kisha hesabu jumla upya, kwa maana watu husahihisha mstari na kuacha jumla ya zamani chini. Kama fishi iko kwenye kompyuta, usihifadhi juu ya faili la kwanza. Lipe la pili jina lake na tarehe yake, la kwanza libaki.

Fishi mpya ikawa hivi: tiketi 120 000, vyumba 160 000, chakula 90 000, esansi 70 000, viti 48 000, motari na pusipusi 22 000. Jumla 510 000. Avansi 560 000, kilichorudi 50 000. Hesabu ikapatana. Tuliandika pia kiasi cha kubadilisha dola, 2 800, na tarehe yake, kwa sababu mbadilisha pesa wa barabarani hatoi karatasi, na wengi wanaanguka hapo: wanabadilisha kwa kiasi kimoja, halafu wanahesabu kwa kiasi cha siku ya kurudi, na franka zinapotea au kuongezeka bila mtu kujua sababu.

Tungeweza kuishia hapa, lakini hadithi ilikuwa na mkia. Wiki mbili baadaye, fishi ikiwa imekwisha kusainiwa na kuingizwa katika kitabu, ndugu alirudi. Mmoja wa wale wanne hakurudi na wenzake, alibaki Likasi kwa dada yake mgonjwa, na ajansi ya basi ilimrudishia 15 000 ya tiketi. Pesa ilikaa mfukoni mwake, akaisahau, kisha akaikumbuka. Kiongozi akauliza: "Tuchane fishi tuandike nyingine?"

Hapana. Fishi iliyokwisha kupokelewa haichanwi, hata na mchungaji, hata na mtunza hazina. Kanuni za hesabu za OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, zina njia yake: kosa halifutwi katika kitabu. Kiasi chenye kosa kinaandikwa tena kwa alama ya kutoa, na cha kweli kinaandikwa baada yake. Kanuni hizo zinataka pia hati zitunzwe miaka 10. Kanisa letu si kampuni, lakini tumeona njia hiyo ni nzuri hata kwa daftari la shilingi za Shule ya Jumapili.

Basi kiongozi aliandika barua fupi, mistari minne tu. Ilitaja namba ya fishi na tarehe yake. Ilisema: tiketi ziliandikwa 120 000, kiasi cha kweli ni 105 000, kwa sababu ajansi ilirudisha tiketi moja. Ilisema nani aligundua na siku gani. Mwishoni ilisema: narudisha franka 15 000 pamoja na barua hii. Hakuna maneno marefu ya kujitetea, na sisi hatukumwuliza kwa ukali, kwa maana mtu akipigwa kelele siku anaporudisha 15 000, siku nyingine hatarudisha.

Mtunza hazina aliandika katika kitabu mstari wa tiketi, kutoa 120 000, na chini yake tiketi 105 000. Jumla ya kweli ya safari ikawa 495 000, na kilichorudi kikawa 65 000. Akamkatia ndugu kwitansi ya 15 000, nakala moja ikabaki katika kitabu. Barua ilishikanishwa nyuma ya fishi ya kwanza kwa pini. Bahasha ya Likasi iko katika kabati ya kamati, na yule atakayeongoza safari ijayo ameombwa aipitie, hasa ule mstari wa viti 80.